Saa ya mkononi na hesabu ya hedhi: kwa nini miezi ya mwanzo hukosea



Tulipokea barua kutoka kwa dada mmoja mkazi wa Tanga, mwalimu wa madrasa na mama wa watoto wawili, ambaye ametupa idhini ya kuieleza habari yake katika safu hii kwa sharti kwamba tusimtaje jina. Mwanzoni mwa Januari 2025 mumewe alimnunulia saa ya mkononi, miongoni mwa zile zinazohesabu hatua na mapigo ya moyo, na ambazo usiku hupima pia joto la ngozi. Zawadi hiyo ilikuwa na sababu. Wao wawili walikwisha jiandikisha katika kundi la Umra la mwezi wa Julai, na fedha zilikusanywa kwa miaka minne. Lakini hedhi ya dada yetu huyu, tangu ujana wake, haijapata kuwa na tarehe. Mwezi huu huja mapema, mwezi ujao huchelewa wiki nzima. Hofu yake ilikuwa moja tu, nayo kila mwanamke wa Kiislamu aliyesafiri safari ile anaijua: kufika Makka akiwa katika siku zake, kuikodolea macho Al-Kaaba kwa mbali, kisha kundi likaondoka kabla hajatufu.

Anasema mwezi wa kwanza saa ilikosea kwa siku tano. Mwezi wa pili ilikosea kwa siku mbili, akafurahi. Mwezi wa tatu ikakosea kwa siku nne, akaivua na kumwambia mumewe airudishe dukani. Mama mkwe wake, aliyekuwapo, alicheka na kusema, “Mwanangu, mimi mwili huu nimekaa nao miaka sitini sijaujua, hiyo saa itaujuaje kwa miezi mitatu?” Mumewe akamwomba asubiri kidogo. Kufikia Julai, saa ilikuwa inakosea kwa siku moja au haikosei kabisa. Swali lake kwetu ni hili: ni nini kilichobadilika, saa au mimi?

Tumeona tulijibu kwa urefu, kwani saa hizi zimeenea mijini, na wengi wanaozivaa hukata tamaa katika mwezi wa pili, au hufanya kosa kubwa zaidi, wakaziamini tangu siku ya kwanza.

Kwanza tujue saa hufanya nini katika mwezi wa mwanzo, wakati haimjui mvaaji wake. Jibu ni kwamba haifanyi lolote ila kuhesabu siku. Programu iliyomo katika simu humwuliza mwanamke maswali matatu: hedhi ya mwisho ilianza lini, kwa kawaida huchukua siku ngapi, na kutoka mwanzo wa hedhi moja hadi mwanzo wa nyingine hupita siku ngapi. Dada yetu hakuwa na jibu la swali la tatu, akaandika 28, kwa kuwa ndiyo idadi inayotajwa darasani na hospitalini. Hedhi yake ilianza tarehe 6 Januari. Saa ikajumlisha 28, ikamwambia angoje tarehe 3 Februari. Hedhi ikaja tarehe 8, siku ya 33. Hapo saa haikukosea. Ilimrudishia tu jibu alilolikisia yeye mwenyewe.

Mwezi wa pili ilikuwa na idadi mbili, 28 ya kukisia na 33 ya kweli, ikachukua katikati yake, siku 31, na kutaja tarehe 11 Machi. Hedhi ikaja tarehe 9. Tofauti ilipungua, lakini ilipungua kwa bahati. Mwezi wa tatu ulithibitisha hilo: saa iliutupa ule ukisio wa kwanza, ikachukua wastani wa 33 na 29, ambao ni 31, ikataja tarehe 9 Aprili. Damu ikaonekana tarehe 13.

Ndugu msomaji aone kwamba njia hii ya wastani haiwezi kumfaa mwanamke wa namna hii hata akiandika kwa miaka kumi. Kama mizunguko yake huwa kati ya siku 28 na 35, wastani utakuwa kama 32, na kila mwezi atakuwa katika hatari ya kukosea siku tatu au nne, mbele au nyuma. Kuzidisha miezi kutamwonyesha tu kwa uhakika zaidi kwamba yeye hana tarehe. Hilo alikuwa analijua bila ya saa.

Msaada unatoka mahali pengine, nako ni katika umbo la mzunguko wenyewe. Mzunguko wa mwanamke una vipande viwili, na kiungo chao ni ile siku ambayo yai hutoka katika ovari. Kipande cha kwanza, tangu hedhi ianze mpaka yai litoke, ndicho kinachorefuka na kufupika. Yai linaweza kupevuka kwa siku kumi na tatu, linaweza kupevuka kwa ishirini na mbili. Uchovu, msiba, safari, ugonjwa, vyote vinaweza kulichelewesha. Kipande cha pili, tangu yai litoke mpaka damu ionekane, hakichezi sana. Katika wanawake wengi wenye afya ni kama wiki mbili, na kwa mwanamke mmoja hubadilika kwa siku moja au mbili tu kutoka mwezi hadi mwezi. Sababu ni kwamba pale yai lilipotoka hubaki kifuko chenye kutoa homoni iitwayo projesteroni, na kifuko hicho kina umri wake. Mimba isipotunga, hunyauka baada ya takriban wiki mbili, projesteroni hushuka, na ukuta wa mji wa mimba hubomoka ukatoka kama damu ya hedhi.

Kwa hiyo, anayeijua siku ya kutoka kwa yai anaijua siku ya hedhi, hata kama mzunguko wake hauna mpangilio. Na projesteroni, kwa hekima ya Mwenyezi Mungu, huacha alama: hupandisha joto la mwili kwa kiasi cha nyuzi 0.3 hadi 0.5 za Selsiasi, na joto hubaki juu mpaka hedhi inapokaribia au kuanza. Jambo hili lilijulikana zamani. Wakunga na wauguzi wa zamani waliwafundisha wanawake waliotaka mtoto kuweka kipimajoto chini ya ulimi kila alfajiri, kabla ya kuinuka kitandani wala kusema neno, na kuandika namba katika karatasi ya mirabaraba. Walitafuta siku tatu mfululizo zilizo juu kuliko siku sita zilizozitangulia. Kazi hiyo ilikuwa ngumu, na mama mwenye mtoto mchanga anayelia saa kumi za usiku hakuiweza.

Saa inafanya kazi hiyo hiyo mkono ukiwa umelala. Saa ya Apple ya toleo la nane, iliyotoka mwaka 2022, kwa mfano, ina vihisi viwili vya joto, kimoja mgongoni mwake kinachogusa ngozi na kingine chini ya kioo, ili joto la chumba lisihesabiwe kuwa ni la mwili. Hupima kila baada ya sekunde tano usiku kucha. Wala haimwambii mtu kuwa joto lake ni 36 au 37, kwani ngozi ya mkono si kinywa. Kwanza huchukua usiku kama tano hivi ili ijue kawaida ya mkono wa mwanamke huyo, kisha kila asubuhi husema kiasi alichozidi au kupungua katika kawaida hiyo. Watengenezaji wake wanaeleza kwamba makadirio ya siku ya yai huhitaji kwa kawaida mizunguko miwili ya kuivaa kitandani, na kwamba usiku usiofika saa nne za usingizi hauingii katika hesabu.

Hapa ndipo tulipogundua kosa la dada yetu la mwezi wa kwanza. Alikuwa akiivua saa usiku na kuichaji kando ya kitanda, kama tunavyochaji simu. Katika siku 33 za Januari na Februari, saa ilikuwa na usiku tisa tu. Tulipomwuliza, alisema hakuna aliyemwambia. Siku hizi huichaji kati ya Maghribi na Isha, wakati anapopika na kusomesha watoto, na akilala huwa imejaa. Na jambo jingine dogo: alipoamka kwa swala ya usiku aliivua ili maji ya udhu yafike kwenye ngozi, kama ipasavyo, kisha akaisahau kwenye ukingo wa sinki mpaka asubuhi. Kuivua kwa robo saa hakudhuru kitu. Kuisahau ndiko kunakoupoteza usiku.

Sasa tuutazame mzunguko wa nne, ulioanza tarehe 13 Aprili, kwa kuwa ndio wa kwanza uliofunua jambo. Alitutumia picha za kioo cha simu. Kwa wiki mbili za mwanzo, joto la mkono lilicheza chini kidogo ya kawaida: upungufu wa 0.1 usiku mmoja, 0.2 usiku wa pili, 0.05 wa tatu. Mchoro huo una meno kama msumeno, na mtu akiutazama usiku mmoja mmoja haoni maana yoyote. Kisha, kuanzia usiku wa tarehe 29, ulipanda juu ya kawaida kwa 0.2, usiku uliofuata 0.25, uliofuata 0.3, wala haukushuka. Baada ya usiku wa tatu saa iliamua kwamba yai lilitoka tarehe 28 Aprili au karibu yake. Mpaka siku hiyo, kwa wastani wa mizunguko mitatu iliyopita, ilikuwa inamwambia angoje hedhi tarehe 15 Mei. Mara ikabadilika: tarehe 12 Mei. Yeye alidhani imeharibika. Hedhi ikaja tarehe 11.

Kwa nini ilitaja tarehe 12? Kwa sababu katika mzunguko wa pili, ule wa Februari, ilikuwa tayari imeona kupanda kwa joto mara moja, ikakadiria yai tarehe 23 Februari, na hedhi ikaja siku 14 baadaye. Mwezi ule haikuutumia ujuzi huo, maana haikuwa na cha kuulinganisha nacho. Safari hii ilihesabu siku 14 kutoka tarehe 28 Aprili. Kwa kweli zilikuwa 13. Mzunguko wa tano yai lilikadiriwa tarehe 31 Mei, na hedhi ikaja tarehe 13 Juni, siku 13 tena. Mzunguko huo ulikuwa wa siku 33, na ule uliotangulia wa siku 28, tofauti ya siku tano nzima; lakini kipande cha pili katika yote miwili kilikuwa sawasawa. Hili ndilo jibu la swali la dada yetu. Yeye hakubadilika. Mizunguko yake ilibaki haina mpangilio kama zamani. Saa ndiyo iliyoacha kuhesabu kutoka hedhi iliyopita, ikahesabu kutoka kwenye yai, na kila mwezi iliongeza ushahidi mmoja wa urefu wa kipande chake cha pili.

Yafuata kwamba makadirio mazuri hayapatikani mapema. Mwanzoni mwa mzunguko, saa ya dada yetu bado inakisia kwa wastani, na kukisia huko ni kubaya kama kulivyokuwa Januari. Makadirio hukazana baada ya joto kupanda, yaani siku kumi au kumi na moja hivi kabla ya hedhi. Mwenye kutaka kujua mwezi Machi hedhi ya Julai itaanguka lini, hakuna saa itakayomwambia. Wala jambo hili si kujua ghaibu, kama mzee mmoja alivyotuuliza kwa wasiwasi. Ni sawa na mkulima aliyeona mawingu akaanika mpunga wake ndani.

Tumeuruka mzunguko wa tatu, nao una funzo lake. Ulianza tarehe 9 Machi, ndani ya Ramadhani, ukaisha tarehe 13 Aprili, na saa haikukadiria yai kabisa. Iliandika tu kwamba taarifa hazitoshi. Mchoro wa joto wa mwezi huo unapanda na kushuka bila utaratibu. Wala haishangazi. Katika Ramadhani mama wa nyumba hulala baada ya tarawehe, huamka saa tisa za usiku kupika daku, hula, husali, hulala tena kidogo. Usingizi umekatika vipande viwili, na hakuna kinachofika saa nne. Chakula kizito usiku nacho hupandisha joto. Ukiongeza joto la Tanga la Machi, na umeme uliokatika ukasimamisha feni, mkono unapata joto bila homoni yoyote. Dada yetu aliiona saa imemwangusha mwezi huo. Sisi tunaona ilitenda vyema kunyamaza. Saa inayotoa tarehe kila mwezi, hata usiku ukiwa umevurugika namna hiyo, ndiyo ya kuogopwa.

Homa nayo hudanganya. Malaria au mafua hupandisha joto la mkono kwa zaidi ya nyuzi moja, na saa inaweza kuihesabu siku ya kwanza ya homa kuwa ndiyo alama ya yai. Njia ya kutofautisha ni kutazama urefu na umbo. Homa hupanda ghafla na juu sana, kisha hushuka baada ya siku chache, na mapigo ya moyo hupanda pamoja nayo. Projesteroni hupandisha kidogo, kisha hushikilia kwa karibu wiki mbili. Mwanamke akiugua, aandike katika programu kwamba ni mgonjwa, na mwezi huo asiutegemee. Kinyume chake, joto likipanda kidogo na kubaki juu kwa siku 18 au zaidi bila damu, hiyo ni dalili ya mimba, na inafaa kupima.

Tuseme wazi pia wasiofaidika nayo. Anayetumia sindano, vidonge au kipandikizi cha kupanga uzazi mara nyingi haachii yai, au joto lake linaongozwa na dawa. Saa haina cha kuona. Mama anayenyonyesha ambaye hedhi haijarejea vizuri, na mwanamke anayekaribia kukoma hedhi, wanaweza kupitisha miezi bila yai. Na ikiwa mwanamke kijana amelala na saa kila usiku kwa miezi mitatu au minne, bila homa wala dawa, na joto halipandi hata mara moja, ukimya huo nao ni habari, na inafaa aupeleke kwa daktari wa wanawake pamoja na mchoro wake.

Kwa wanaotaka mtoto, tahadhari moja. Joto hupanda baada ya yai kutoka, na yai huishi chini ya siku moja au karibu nayo. Saa inapotangaza, mlango umeshafungwa mwezi huo. Faida iko katika kuona, baada ya miezi kadhaa, kwamba yai hutoka kati ya siku ya kumi na tano na ya ishirini na moja, tuseme, kisha mume na mke wajue zipi ni siku za mbele yake, maana mbegu ya mume huweza kuishi hadi siku tano. Kwa sababu hiyo hiyo, kuitumia saa kama njia ya kuzuia mimba ni hatari, na watengenezaji wa saa hizi za kawaida huandika katika maelezo yao kwamba hazikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Twende sasa kwenye ibada, ambako tumeona dada zetu wakichanganya. Saa ikisema leo hedhi inatarajiwa, mwanamke hajaingia katika hedhi. Ataswali na atafunga mpaka aione damu. Na saa ikionyesha kwamba siku saba zimekwisha naye bado anaona damu, hajatoharika. Na ikionyesha kwamba amebakiwa na siku mbili naye ameshaona ukavu au weupe, ni wajibu wake kuoga na kuswali. Hukumu inafuata kinachoonekana. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu katika mwambao huu, hedhi haiwi chini ya mchana mmoja na usiku wake, haizidi siku 15, na tohara kati ya hedhi mbili haipungui siku 15. Programu ya simu haiijui mipaka hii. Tena inahesabu tarehe tu, na tarehe yake hugeuka usiku wa manane, ilhali sisi tunahitaji saa ya tukio: damu iliyoonekana baada ya Alasiri kuingia, na muda wa kuiswali ulikwisha pita, huacha deni la swala hiyo. Tunashauri mwanamke awe na daftari lake dogo la wakati wa kuingia na kutoka, mbali na programu.

Hata hivyo, kumbukumbu ya miezi mingi ina kazi kubwa katika fikihi, nayo ni kwa mwenye istihadha. Fatima binti Abi Hubaysh alipomlalamikia Mtume (SAW) kwamba damu yake haikatiki, aliamrishwa aache swala kwa kadiri ya siku alizokuwa akipata hedhi hapo awali, kisha aoge na aswali. Basi anayepatwa na hali hiyo leo, na haikumbuki ada yake, huwapa shida wanazuoni na nafsi yake. Aliyeandika siku zake huenda kwa sheikh na jibu mkononi.

Na talaka? Tumeulizwa kama saa inaweza kuthibitisha kumalizika kwa eda. Haiwezi. Eda ya mwenye kupata hedhi huhesabiwa kwa tohara na hedhi zilizotokea, si zilizokadiriwa, na neno hapo ni la mwanamke mwenyewe.

Turudi kwenye safari. Mzunguko wa sita ulianza tarehe 13 Juni. Kundi lilikuwa liondoke tarehe 14 Julai, lianze Makka, lirejee tarehe 28. Mwanzoni mwa mzunguko, saa ilitaja tarehe 15 Julai kwa wastani, na dada yetu alijua sasa kwamba makadirio hayo hayana uzito. Alikuwa na ushauri wa daktari juu ya vidonge vya kuchelewesha hedhi, lakini hivyo navyo huanza kumezwa siku kama tatu kabla ya damu, na yeye huumwa sana kichwa kwa dawa za homoni. Alisubiri. Tarehe 6 Julai saa ikatangaza kwamba joto limepanda na yai lilitoka tarehe 3. Kwa siku 13 au 14, hedhi ni tarehe 16 au 17.

Siku hiyo hiyo mumewe alikwenda kwa kiongozi wa kundi, wakazungumza faragha kama wanaume watu wazima wanavyoweza kulizungumza jambo hili, akamwomba waanze Madina. Kiongozi alikubali mara moja. Alisema kila mwaka hulipata ombi hilo, ila huletwa kwake watu wakiwa tayari uwanja wa ndege. Damu ilionekana Madina, Alhamisi tarehe 17 Julai, baada ya Adhuhuri. Kundi lilipohamia Makka tarehe 21, dada yetu aliingia ihramu pale Dhul-Hulayfa pamoja na wenzake akiwa na hedhi yake, kwani hedhi haizuii ihramu bali huzuia tawafu, akabaki chumbani hotelini akileta talbiya na dhikri.

Jumatano tarehe 23, kabla ya Adhuhuri, aliona tohara. Saa mkononi mwake bado ilikuwa imeipaka siku ile rangi nyekundu, ikimhesabia siku ya saba. Akaoga, akaswali Adhuhuri, na baada ya Alasiri akatufu.